Kutoka Pancha Hadi Chapati

Ukuta wenyewe uko kandokando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, kabla hujafika Mafinga. Ni ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa plasta, kama zilivyo nyumba nyingi za huku Nyanda za Juu. Juu yake mtu fulani aliandika kwa brashi na rangi nyeupe ya mafuta mistari mitatu: HAPA, halafu TUNAZIBA, halafu PANCHA. Mwenye ukuta ni fundi baiskeli. Niliupiga picha asubuhi moja ya kiangazi kwa sababu nilizipenda herufi zake, nikaihifadhi picha, nikaisahau.

Miezi kadhaa baadaye kikundi cha maigizo kikaniomba niwatengenezee bango la igizo lao la kuchekesha, ambalo lote linatokea kwenye kibanda cha mama lishe. Dada anayekiongoza aliiona ile picha kwenye kompyuta yangu, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huuhuu. Ila pasomeke HAPA CHAI NA CHAPATI. Si unabadilisha maneno tu, kaka?"

Maneno tu. Nilimwambia aje kesho jioni. Alikuja jioni hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, na bango likatoka siku ya nne. Nyingi ya siku hizo nilizipoteza kwa kutojua jambo moja ambalo fundi yeyote wa rangi analijua bila kufundishwa: kwamba maandishi ya ukutani hayakai juu ya ukuta kama stika inavyokaa juu ya ndoo. Yanafuata kila shimo, kila mkwaruzo na kila jointi ya matofali. Atakayebadilisha neno pichani hana budi kuanza na tofali, herufi zije baadaye.

Mwanzoni kazi ilionekana nyepesi kwa sababu ya bahati ya ajabu. HAPA ilibaki kama ilivyo. Na ukizihesabu herufi za TUNAZIBA PANCHA pamoja na zile za HAPA, utakuta kila herufi inayohitajika kuandika CHAI NA CHAPATI tayari ipo ukutani, kwa mkono wa mchoraji yuleyule: C, H, A, I, N, P na T. Tena nafasi zinatosha. TUNAZIBA ina herufi nane, na CHAI NA ina sita pamoja na mwanya. PANCHA ina sita na CHAPATI ina saba, lakini ya saba ni I, ambayo ni nyembamba. Nikaona sina haja ya kuandika chochote, nitakata na kubandika.

Nikaanza na mstari wa mwisho. Ndani ya PANCHA kuna CHA iliyokamilika. Nikaikata pamoja na matofali yake, nikaivuta kushoto hadi mwanzo wa mstari. Kwa mbali ilipendeza. Nilipoikaribia nikaona nimejenga ukuta ambao mwashi angeubomoa. Jointi za kusimama zilizokuwa ndani ya herufi C hazikukutana na jointi za ukuta uliokuwa pembeni yake, na tofali moja likawa na urefu wa tofali moja na robo. Kibaya zaidi, picha niliipiga nikiwa nimesimama kidogo upande wa kushoto, hivyo kozi za matofali zinabanana kadiri zinavyokwenda kulia. Kipande nilichokivuta kilitoka upande wa mbali kuja upande wa karibu, na kozi zake zilikuwa nyembamba kuliko za majirani wapya. Mistari ya jointi ilikatika kama ngazi.

Jicho la mtu linavumilia mengi pichani, lakini mstari mrefu ulionyooka ukikatika halivumilii. Mtu asiyejua lolote kuhusu picha atakuambia "hapa pana kitu", hata akishindwa kukuonyesha ni kitu gani.

Siku ya pili nikaenda upande mwingine kabisa. Nikafuta maneno ya zamani, nikachagua fonti ya kompyuta iliyofanana na mwandiko wa brashi, nikaandika CHAI NA CHAPATI kwa rangi nyeupe. Herufi zilielea. Zilikuwa nyeupe kwa usawa toka juu hadi chini, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe, na jointi zote zilifunikwa kana kwamba mchoraji aliziba nyufa kwa rangi. Halafu zile A nne zilifanana kama mapacha. Fonti huwa hivyo: A ni A. Mtu mwenye brashi hawezi kuandika A mbili zinazolingana hata akilipwa.

Hapo nikaiacha kompyuta, nikapanda gari kurudi kwenye ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Tairi liko wapi?"

Nilimweleza kwamba sina tairi, nimekuja kuutazama ukuta wake, na kwamba nataka ruhusa ya kuutumia kwenye bango la igizo. Alicheka sana aliposikia kuhusu chapati. Aliruhusu, kwa sharti kwamba jina la kijiji lisitajwe, asije akasumbuliwa na wenye njaa. Kisha akaniacha niupapase ukuta nusu saa nzima, na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli.

Matofali ya kuchoma ya huku hufinyangwa kwa mkono kwenye kalibu na kuchomwa kwenye tanuru la kuni. Yaliyokuwa karibu na moto hutoka meusi na magumu, ya pembeni hubaki na rangi ya machungwa na hukwanguka hata kwa ukucha. Kwa hiyo ndani ya ukuta mmoja kuna rangi kumi. Jointi ni nene, karibu sentimita mbili, na nyingi zimeingia ndani kuliko uso wa tofali kwa sababu mvua imekula udongo. Mchoraji alitumia brashi bapa ya inchi mbili. Hakupiga mstari wa chaki, alizitumia kozi zenyewe kama mistari ya daftari: kila herufi ina urefu wa kozi nne, na kozi moja imeachwa wazi kati ya mstari na mstari.

Brashi yake ilipita juu ya vichwa vya matofali na kuruka jointi. Mahali pengine rangi imeingia nusu, mahali pengine haikuingia kabisa, hasa chini ya ukingo wa tofali la juu, ambapo nywele za brashi hazifiki. Na jambo nililoliona mwisho ndilo lililonisaidia kuliko yote: rangi ilikuwa imeificha rangi ya tofali lakini haikulificha umbo lake. Tofali jeusi na tofali la machungwa, yakishapakwa, yote ni meupe. Ila kila kidole cha mfinyanzi na kila kijiwe kilichojichomoza bado unaviona, kwa sababu vina vivuli vyake.

Nikarudi nyumbani nikaanza upya.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuusafisha ukuta, yaani kuondoa TUNAZIBA na PANCHA na kubaki na matofali matupu. Nilitumia Photoshop. Mwenye GIMP, ambayo ni ya bure, atafanya yaleyale kwa kifaa kinachoitwa Clone. Katika Photoshop kinaitwa Clone Stamp, nacho huchukua sehemu moja ya picha na kuipaka mahali pengine. Nilifungua leya mpya tupu juu ya picha na kukiweka kifaa kwenye Current & Below ili picha ya asili isiguswe.

Siri ya kuhamisha matofali ni kujua mpangilio unajirudia wapi. Mwashi hupanga tofali la kozi ya pili katikati ya matofali mawili ya kozi ya kwanza, kisha kozi ya tatu inarudi kama ya kwanza. Kwa hiyo ukichukua tofali kwenye kozi moja na kulipeleka kozi inayofuata moja kwa moja juu yake, jointi zitagongana. Lipeleke kozi mbili, au lisogeze pembeni kwa urefu wa tofali zima. Katika picha yangu yenye upana wa pikseli 6,000, tofali lilikuwa na kimo cha pikseli kama 90 na jointi 18, hivyo kozi mbili ni pikseli 216. Lakini namba hizi hazina maana kubwa kwenye ukuta uliojengwa kwa macho. Nilichofanya ni kubonyeza chanzo pale hasa jointi ya kulala inapokutana na jointi ya kusimama, kisha kuanza kupaka kwenye makutano kama hayo ndani ya herufi ya zamani. Kona kwa kona, tofali kwa tofali, na chanzo kipya kila baada ya tofali mbili au tatu. Upande wa kulia, ambako kozi zimebanana, nilichukua matofali ya upande huohuo wa kulia.

Kuna kifaa kingine kiitwacho Healing Brush ambacho wengi hukikimbilia kwa sababu kinajilinganishia rangi chenyewe. Karibu na herufi nyeupe ni mtego. Kinatazama kilichopo pembeni, kinakuta weupe, kinauvuta ndani ya tofali, unabaki na ukungu kama wa chokaa iliyomwagiwa maji. Nilikitumia mwishoni tu, katikati ya matofali makubwa, mbali na rangi.

Kosa la kawaida hapa ni kurudia. Kulikuwa na tofali moja zuri lenye kona iliyoungua, nikalipenda, na baada ya saa moja nikagundua lipo ukutani mara tano. Tofali lenye alama litumike mara moja. Kwa kurudiarudia chukua yale yasiyo na sura.

Usafishaji ulikula siku nzima. Ningeweza kuacha vipande ambavyo herufi mpya zingevifunika, lakini nilifurahi baadaye kwamba sikuacha, kwa sababu ukuta mtupu uliokamilika unatumika mara tatu katika kazi hii.

Baada ya hapo zikaja herufi. Sikuzikata tena na matofali yake. Kwa kifaa cha Pen nilichora mpaka wa kila herufi ya mchoraji, nikifuata mahali brashi ilikokusudia kupita na kuruka mapengo ya jointi na mabaka yaliyobanduka. Nilichochukua ni umbo peke yake, kama mtu anayekata herufi kwenye karatasi ngumu. Mwandiko wake una tabia. Mguu wa kulia wa A ni mnene kuliko wa kushoto. Kijiti cha katikati kiko chini sana, karibu na magoti. H inaegemea kidogo. C inaanza kwa shinikizo na kumalizia na mkia mwembamba pale rangi ilipoishia kwenye brashi.

Ukutani C ilikuwa moja tu, nami nilihitaji mbili. I vilevile. Nilinakili, kisha nikaivuruga nakala: C ya pili niliipanua tumbo, nikaufupisha mkia, nikasogeza mwanzo wake chini kwa upana wa nusu ya brashi. Upana wa mchirizi wenyewe sikuugusa, kwa sababu brashi ya inchi mbili inabaki na inchi zake mbili. Mtu akikuza au kupunguza herufi bila kujali hilo, inaonekana kana kwamba mchoraji alibadilisha brashi katikati ya neno.

Nikazipanga kwenye mstari, nikazivuta kwa amri ya Distort mpaka vichwa na nyayo zake zikalala sambamba na jointi za kulala. Kigezo changu kilikuwa HAPA, ambayo haikuguswa: kama vichwa vya HAPA vinafuata kozi fulani, vya mistari ya chini vifuate za kwao kwa namna ileile.

Sasa weupe. Mafunzo mengi ya kubandika maandishi ukutani yanakuambia ubadilishe namna ya kuchanganya leya iwe Multiply, basi. Ushauri huo ni wa rangi nyeusi, nyekundu au bluu iliyokolea. Multiply huongeza giza tu, na ukiipa nyeupe haionekani kabisa, kwa sababu nyeupe haina giza la kuongeza. Wengine wanapunguza ukolezi wa leya mpaka matofali yaonekane kupitia herufi. Hapo unapata herufi za moshi, na rangi ya mafuta haifanani na moshi. Tofali jeusi linabaki jeusi chini ya rangi, jambo ambalo ukutani halipo.

Nilifanya kama mchoraji alivyofanya, kwa leya mbili. Ya kwanza ni rangi yenyewe, imejaa, ndani ya umbo la herufi. Haikuwa nyeupe ya karatasi. Niliipima kwenye sehemu ya HAPA iliyopigwa na jua nikapata 214, 206 na 190 kwa nyekundu, kijani na bluu, yaani weupe wa maziwa yaliyochanganywa na vumbi. Leya hii inaficha rangi zote za matofali. Ya pili ni umbo la ukuta. Nilichukua nakala ya ukuta mtupu, nikaiondolea rangi, nikaipitisha kwenye kichujio kiitwacho High Pass kwa kipimo cha pikseli 12. Kichujio hiki hufuta tofauti kubwa za weusi na weupe kati ya tofali na tofali, kikaacha vinundu, mikwaruzo na kingo juu ya kijivu tulivu. Nikaiweka leya hiyo juu ya rangi, nikaibana ionekane ndani ya herufi tu, na kuichanganya kwa Hard Light. Kijivu cha katikati kikatoweka, vivuli vya vinundu vikabaki. Kwa mara ya kwanza herufi zilishuka zikagusa ukuta.

Hard Light nimeitaja kwa sababu. Mwenzake Overlay ndiye anayesifiwa zaidi, lakini juu ya weupe Overlay karibu haifanyi kitu.

Zilikuwa bado na kingo za wembe. Hapa ndipo ukuta mtupu ulipotumika mara ya pili. Photoshop ina kichujio cha Displace, kwenye menyu ya Filter chini ya Distort, ambacho husukuma pikseli za leya kwa kufuata ramani ya kijivu: kijivu cha katikati hakisukumi, nyeusi inasukuma upande mmoja, nyeupe upande wa pili. Ramani ni faili la .psd. Kwa kipimo cha 100 msukumo wa juu kabisa ni pikseli 128, kwa hiyo kwa kipimo cha 5 nilichotumia ni kama pikseli sita. Inatosha. Nilijaribu 20 kwa udadisi, na CHAPATI ikayeyuka kama mshumaa.

Ramani hiyo haijui kina. Inajua giza na mwanga tu. Ukiipa picha ya ukuta kama ulivyo, itadhani tofali lililoungua ni shimo na kuipinda herufi mahali ambapo ukuta umenyooka. Ndiyo maana niliipa ile nakala iliyokwisha kupita High Pass, nikaitia ukungu wa pikseli mbili ili chembechembe za kamera zisigeuzwe meno kwenye kingo.

Kisha jointi. Kwenye Blending Options za leya kuna sehemu iitwayo Blend If, yenye mstari wa Underlying Layer. Ukiuvuta pembetatu yake ya giza kwenda kulia, rangi inajiondoa popote ukuta wa chini ulipo mweusi kuliko kiwango hicho. Ukiigawa pembetatu mara mbili kwa kushikilia Alt, inajiondoa polepole. Niliziweka nusu hizo kwenye 40 na 80, na jointi zenye kivuli zikafunguka zenyewe. Katika GIMP utapata karibu matokeo hayohayo kwa kuweka maski kwenye leya ya rangi na kubandika ndani yake nakala ya kijivu ya ukuta mtupu, kisha kuikoleza.

Blend If nayo ina upofu uleule wa ramani. Matofali yaliyoungua yalipoteza rangi kana kwamba yamekwanguliwa. Niliyarudishia kwa mkono, moja moja, kwa brashi nyeupe kwenye maski nyeusi ya nakala ya leya ya rangi isiyo na Blend If.

Kilichobaki ni uchakavu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo picha nyingi nzuri zinapoharibikia. Mtu humaliza herufi, kisha anachukua brashi yenye madoa na kuzitoboatoboa ovyo ili zionekane za kale. Uchakavu hauendi ovyo, unafuata ukuta. Tofali lililobanduka uso limebanduka, iwe juu yake palipita Z au palipita N. Niliirudia picha ya asili na kutazama rangi ya zamani ilipotea wapi: kwenye tofali la tatu chini ya B, kwenye mchirizi unaotoka kwenye tundu la bati, na kwenye kozi mbili za mwisho, ambako mvua hurusha matope. Mahali hapohapo ndipo nilipozichakaza herufi mpya. PANCHA ilikuwa imeliwa chini, basi CHAPATI ikaliwa chini. Pale ambapo TUNAZIBA ilikuwa nzima, CHAI ikabaki nzima.

Kwenye kuta za zamani za Marekani na Uingereza kazi hii ina ugumu wake mwingine. Rangi nyeupe za wakati ule zilikuwa na risasi na ziling'ang'ania matofali kwa miongo mingi kuliko rangi nyingine, hivyo mara nyingi unaona tangazo la juu limefifia na la chini yake linachungulia. Mwenye kubadilisha maneno huko lazima aamue ni tangazo lipi analifuta. Fundi wetu wa baiskeli alikuwa na tangazo moja tu, Mungu ambariki.

Jua la asubuhi lilikuwa upande wa kushoto, na nguzo ya kibanda ilitupa kivuli cha mshazari juu ya mstari wa pili. Rangi yangu, kwa kuwa ilikuwa imejaa sawasawa, iling'aa ndani ya kivuli kama taa. Nilipima tena kwenye HAPA, mahali kivuli cha paa kinapoilalia: nyeupe ileile ilishuka kutoka 214 hadi 96. Nikaitia giza sehemu ya CHAI NA inayopita kwenye kivuli cha nguzo mpaka namba zikakaribiana, na giza hilo nikalielekeza kidogo kwenye ubluu, kwa sababu kivulini panaangazwa na anga. Mwisho nikalainisha kingo kwa chini ya pikseli moja, maana lenzi yangu haichongi sana, nikarushia chembechembe kidogo ili herufi zisiwe safi kuliko ukuta.

Kuijaribu, niliigeuza picha kulia kwenda kushoto. Maneno yasiposomeka, jicho linaacha kusoma na kuanza kutazama. Kasoro mbili zilijitokeza papo hapo, zote kwenye jointi.

Mbinu hiyohiyo nakupa wewe msomaji unayepokea picha kwenye simu. Picha za kuta zenye maneno ya matusi kwa mgombea au kwa kabila fulani husambaa sana, na ukuta wenyewe huenda ulikuwa unatangaza viatu. Usiyasome maneno kwanza. Vuta picha karibu, fuata jointi moja ya kulala kutoka nje ya herufi, ipite ndani, itoke upande wa pili. Tazama kama rangi imeruka jointi au imezifunika. Tafuta herufi mbili zinazofanana mno. Angalia kama weupe unapungua ukiingia kivulini. Ila ujue kuwa picha zinazosambazwa hubanwa ukubwa mpaka jointi hazionekani tena, na kwa picha ya namna hiyo huwezi kutoa hukumu yoyote, si ya kuikubali wala ya kuikataa.

Bango letu lilichapishwa kwa karatasi ya A3, na chini kwenye kona, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, tuliandika kwamba picha imebadilishwa. Fundi baiskeli alipelekewa nakala yake. Kuna nyingine bado imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mazoezi, na kila nikipita naiona. Ukutani kulikuwa na A sita na mimi nilihitaji nne, kwa hiyo sikuwa na sababu yoyote ya kurudia hata moja. Lakini ukibahatika kuliona bango, tazama A ya CHAI, kisha tazama A ya mwisho ya CHAPATI, hasa pale kijiti cha katikati kinapogusa mguu wa kulia. Ni A moja.